Mwalimu Anapoitafiti Shule Yake Mwenyewe

Walimu wengi wa Mbeya na Iringa wanaosoma shahada ya uzamili husoma huku wakiendelea kufundisha. Wapo walioko Mkwawa, ambacho ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005, wapo wa Chuo Kikuu cha Iringa, na wapo wanaosoma kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria. Ukifika wakati wa tasnifu, nauli na ruhusa ya kazini humbana mtu, naye huishia kuitafiti shule ileile anayofundisha. Hilo halina ubaya. Tatizo huanza kwenye sura ya mbinu za utafiti, pale anapoandika: "Mtafiti ni mwalimu wa shule hii, hivyo alijitahidi kuepuka upendeleo," kisha akapita. Msomaji hajaambiwa ni upendeleo gani, umetoka wapi, wala umedhibitiwa vipi.

Tamko la nafasi ya mtafiti ni aya chache zinazoyajibu maswali hayo. Linaeleza mtafiti ni nani machoni pa watu anaowahoji, aliamini nini kabla ya kuanza, atanufaika au ataumia vipi matokeo yakitoka, na amefanya nini kuhusu hayo yote.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa shule ya kata kwenye miteremko ya Uporoto, Mbeya Vijijini, anatafiti utoro. Huko viazi mviringo ndivyo vinavyoleta fedha nyumbani, na wakati wa kuvuna kila mkono unahitajika shambani. Tamko lake lingeweza kusomeka hivi: "Mimi ndiye ninayeita rejista ya kidato cha pili. Kabla ya kukusanya data niliamini kwamba watoto wanakosa shule kwa sababu wazazi wanawapeleka kwenye viazi. Imani hiyo inanifaa, kwa kuwa inaliweka kosa nje ya geti la shule. Nimo kwenye kamati ya nidhamu na nimewahi kuwachapa waliochelewa mstarini. Mkuu wa shule ninayemhoji ndiye anayepima utendaji wangu. Baadhi ya wazazi nasali nao."

Tazama jinsi kila sentensi inavyodai hatua fulani. Aliye na fimbo hawezi kumuuliza mtoto kwa nini hakuja shule akategemea jibu la kweli. Atajibiwa, "Nilikuwa naumwa, mwalimu." Kwa hiyo mahojiano na wanafunzi yafanywe na mtu mwingine, tuseme mwalimu wa shule ya jirani anayejua Kisafwa, mbali na ofisi ya walimu, baada ya mzazi na mtoto mwenyewe kuridhia. Mtafiti apokee nakala zilizokwisha kuondolewa majina. Hata hapo ulinzi si kamili, kwani mwalimu wa darasa anaweza kumtambua mtoto kwa namna anavyoongea, au kwa kutajwa tu kwamba analelewa na bibi yake ng'ambo ya mto. Inabidi anayehoji aondoe na dalili za namna hiyo, na tamko liseme wazi kwamba huenda baadhi bado wametambulika.

Huenda mgeni huyo akasikia jambo ambalo mwalimu asingeambiwa kamwe: mtoto huamka, hupalilia kidogo, huchelewa, na akishachelewa huona heri asije kabisa kuliko kuchapwa. Hapo utoro una mizizi shambani na shuleni kwa pamoja, na yule mwalimu mwenyewe ni sehemu ya sababu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, avitoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mtafiti anaweza kukifungua kitabu hicho akakilinganisha na maneno ya watoto. Kama watoto wanasimulia kuchapwa kila wiki na kitabu ni cheupe, hilo ni tokeo la utafiti. Ni tokeo gumu pia kwa aliyechapa bila ruhusa ya maandishi kuliandika, na ndiyo maana kutangaza mapema kwenye tamko kwamba amewahi kuchapa kuna uzito: anayesoma atajua mahali pa kuangalia kama mwandishi amerudi nyuma.

Kuwa mwenyeji kuna faida ambayo mgeni hana. Mwenyeji anajua rejista inavyojazwa. Rejista ikiitwa asubuhi, anayefika saa mbili na nusu anaweza kubaki na alama ya kutokuwepo siku nzima ingawa alikaa darasani hadi kengele ya mwisho. Mgeni angezihesabu alama hizo kama utoro. Mwenyeji anaweza kuzichambua: kama chanzo ni viazi, siku za kukosa zitajikusanya kwenye wiki za mavuno, kama zimetawanyika mwaka mzima, maelezo yake ya awali yamepungukiwa. Ili kipimo hiki kiwe cha haki, aliyoyatarajia ayaandike kwenye karatasi yenye tarehe na kumkabidhi msimamizi wake kabla ya kufungua rejista.

Wenzake wa ofisini wana mtego wao. Ukimuuliza mwalimu mwenzako kuhusu utoro atakujibu, "Si unajua mwenyewe!" Nawe utatikisa kichwa na kuendelea, na kwenye nakala ya mahojiano patabaki pengo ambalo baadaye utalijaza kwa mawazo yako bila kujua. Dawa yake ni kumwambia, "Hebu nieleze kama sijui," na kuvumilia aibu ndogo ya swali hilo.

Wengine husema heri basi aje mtu wa nje kabisa. Mtu wa nje naye ana pa kusimama. Monica Wilson, aliyetafiti Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alikuwa mgeni kutoka Afrika Kusini, lakini alikuwa pia binti wa mmisionari, na ukisoma alivyoandika kuhusu Wakristo wa huko ni haki yako kulikumbuka hilo.

Kuna jambo moja ambalo matamko mengi hulikwepa. Kuiita shule "Shule A" hakuifichi, kwa kuwa jina la mwandishi lipo kwenye jalada na kila mtu wilayani anajua anafundisha wapi. Mkuu wa shule ni mmoja tu, hivyo kila neno lake litajulikana ni lake. Aambiwe hivyo kabla ya kutia sahihi ya ridhaa, na makubaliano yaandikwe mapema kwamba hatazisoma nakala za mahojiano ya walimu na wanafunzi, hata kama ndiye aliyepokea barua ya kibali kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Tamko lililoandikwa kwa ajili ya kumridhisha mtahini hutambulika upesi. Lipo kwenye sura ya tatu na halionekani tena. Dondoo karibu zote kwenye matokeo zimetoka kwa walimu, na hitimisho ni lilelile aliloanza nalo mwandishi. Tamko la kweli hurudi katikati ya matokeo: "Hapa ningependa kulaumu wazazi, lakini watoto saba kati ya waliohojiwa wanataja fimbo."

Kwa hiyo, mwalimu unayeandika sasa, kabla hujapeleka rasimu kwa msimamizi, isome sura yako ya matokeo ukitafuta aya moja ambayo usingependa isomwe kwenye kikao cha walimu. Ukiikosa, rudi kwenye nakala za mahojiano ya wanafunzi uzisome upya.