Kukuza Motifu: Mfuatano, Kupindua na Kurefusha

Motifu ni kundi dogo la nota lenye sura inayotambulika likirudi. Sura hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mwendo wa sauti, yaani zinapopanda, zinaposhuka na kwa hatua ngapi. Ya pili ni mdundo, yaani urefu wa kila nota. Mtunzi anayekuza motifu hubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo, ili msikilizaji apate jambo jipya bila kupotea njia. Melodia ifuatayo ya baa nne, kila baa ikiwa na mapigo manne, inatumia njia tatu za kufanya hivyo:

| d : r.m : s : – | r : m.f : l : – | s : – : f : m | d : – : – : – |

Kama ilivyo katika vitabu vya kwaya, nukta pacha hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, na kistari huendeleza nota iliyotangulia.

Motifu ni baa ya kwanza peke yake: do, re, mi, so. Inapanda hatua moja, inapanda nyingine, kisha inaruka fa na kutua kwenye so. Mdundo wake ni pigo moja, nusu, nusu, halafu mapigo mawili.

Mfuatano

Mfuatano ni kurudia motifu kuanzia nota nyingine. Baa ya pili inaanza kwenye re badala ya do, na kila nota imepanda ngazi moja: re, mi, fa, la. Mdundo haukuguswa.

Umbali kati ya nota, hata hivyo, umebadilika kidogo. Kutoka re hadi mi ya baa ya kwanza ni toni nzima, lakini mi hadi fa ya baa ya pili ni nusu toni. Huu ni mfuatano unaofuata ngazi ya wimbo. Mtunzi akitaka umbali ulingane kabisa, lazima fa ipandishwe kuwa fe, na hapo sikio huanza kusikia kwamba wimbo unahamia do nyingine. Kama kuhama huko hakukukusudiwa, fa ya kawaida ndiyo sahihi.

Mfuatano huchoka upesi. Baa ya tatu ingeweza kuendelea mi, fa, so, ti, na ya nne fa, so, la, do ya juu. Lakini kufikia mara ya nne msikilizaji ameshajua kinachokuja kabla hakijaimbwa. Dalili ni kwamba mtu anaweza kuimalizia melodia ambayo hajawahi kuisikia. Ndiyo maana watunzi wengi huuvunja mfuatano katika mara ya tatu.

Kupindua

Kupindua ni kugeuza kila kupanda kuwe kushuka, na kila kushuka kuwe kupanda. Baa ya tatu na ya nne zinaanzia so: hatua moja chini hadi fa, nyingine hadi mi, kisha kuruka re na kutua kwenye do. Kupindua si kusoma motifu kinyumenyume. Ikisomwa kutoka mwisho motifu ingekuwa so, mi, re, do, na mruko ungetokea mwanzoni badala ya mwishoni.

Hapa pia umbali unafuata ngazi ya wimbo. Motifu ikipinduliwa kwa umbali ulio sawasawa inakuwa so, fa, ma, do, na ile ma, yaani mi iliyoshushwa nusu toni, inaleta rangi ya ngazi ya maina. Sergei Rachmaninov alitumia badiliko kama hilo kwa upande wa pili katika rapsodia yake ya mwaka 1934 juu ya mada ya Paganini: katika variesheni ya 18, mada ya ngazi ya maina imepinduliwa na kuwa melodia pana ya ngazi ya meja.

Kurefusha

Kurefusha ni kuongeza urefu wa kila nota kwa kiwango kilekile, mara nyingi maradufu. Pigo moja la motifu limekuwa mapigo mawili, kila nusu imekuwa pigo zima, na mapigo mawili yamekuwa manne. Motifu ya baa moja sasa inajaza baa mbili. Kwa kuwa imepinduliwa na kurefushwa kwa pamoja, melodia inashuka ikipunguza mwendo hadi do, na ule mruko uliopanda kwa haraka sasa unakuwa tuo.

Uwiano ndio unaotambulisha motifu iliyorefushwa. Kama nota ya mwisho pekee ingeongezwa, mdundo ungekuwa mwingine. Tatizo la kawaida ni ulegevu: wimbo ukienda kwa mapigo 60 kwa dakika, do ya mwisho inakaa sekunde nne. Mwishoni mwa wimbo hilo linafaa. Katikati, sauti nyingine, kama vile besi, huendelea na mdundo wa awali chini yake ili mwendo usisimame.