Mteja kaandika nusu oda? Jaza mwenyewe, ila mwonyeshe ulichojaza

Wauza mtandaoni wenzangu, meseji hii mnaijua: "Nataka lile dera la bluu, nipo Morogoro." Basi, kaishia hapo. Wengi wetu huanza maswali. La picha ipi dada? Anajibu baada ya saa moja. Mangapi? Kimya. Kufika swali la usafiri ameshanunua kwa mwingine.

Mimi oda kama hiyo naijibu kwa meseji moja:

"Sawa dada. Nimechukulia unataka dera moja, bluu ya picha ya pili, na nitume kwa basi. Dera 20,000, nauli ya mzigo 5,000 juu yako, jumla 25,000. Ukilipa kabla ya saa 10 leo jioni, linaondoka kesho asubuhi. Kama kuna kitu siyo hivyo, niambie kabla hujalipa. Nitumie jina na namba ya simu ya atakayepokea stendi."

Angalia nilivyokisia. Anayetaka madera matatu kwa kawaida hutaja idadi. Bluu ya picha ya pili ndiyo iliyobaki dukani. Saizi sijagusa kwa sababu madera yangu ni frii saizi. Na hata nikikosea vyote, mzigo bado upo kwangu, kwa hiyo kurekebisha ni meseji tu. Ila namba ya mpokeaji sikisii kabisa. Anayechati anaweza kuwa anamtumia mama yake, na namba ikiwa siyo, mzigo unalala stendi.

Kwa hiyo kabla sijakisia najiuliza: nikikosea, itagundulika kabla au baada ya mzigo kuondoka? Viatu nauliza saizi hata mteja akiwa na haraka, maana 39 ya kiatu hiki siyo lazima iwe 39 ya kile, na kurudisha ni nauli mara mbili. Hapo faida yote imekwenda. Wa keki nao, jina la kuandika juu mwacheni mteja alichape mwenyewe. Msikisie kama ni Jackline au Jaqueline.

Usijaze mambo zaidi ya matatu. Yakiwa saba mteja hasomi, anajibu "sawa" tu, na hiyo "sawa" haina kazi. Kama yamefika saba, mpigie simu.

Mimi naangalia hela iliyoingia kuliko maneno. Ikiingia 25,000, tumeelewana. Ikiingia 20,000, naye kakisia lake: labda anadhani nauli ni juu yangu, labda kuna ndugu atapita kuchukua. Hapo usitume, na usianze kukisia upya. Muulize: "Dada nimeona 20,000, nauli tunafanyaje?"