Asilimia 190 kwenye tablo si kosa

Siku ya kutetea memwari, wa juri mmoja aliangalia tablo yangu, akajumlisha kwa kalkuleta, akaniambia: "Hapa iko 190%. Rudi uhesabu." Nilinyamaza, na tablo ilikuwa sawa. Leo nieleze namna nilipaswa kumjibu.

Tuchukue mfano, namba zake ni za kufundishia. Tunauliza walimaji 60 wa muhogo wa Nyunzu: "Shida gani zinapunguza mavuno yako?" Kila mtu ana ruhusa ya kutaja zaidi ya moja. Kwenye KoboToolbox, swali kama hilo ni `select_multiple`.

| Shida (N = 60) | Watu | % ya watu |
|---|---|---|
| Mozaiki | 45 | 75 |
| Kukosa vipando vizuri | 30 | 50 |
| Wizi shambani | 24 | 40 |
| Panya | 15 | 25 |

Majibu yote ni 114, lakini watu ni 60 tu. Kila mstari unajibu swali lake peke yake: kati ya watu 60, wangapi wametaja shida hii? Mama mmoja aliyetaja mozaiki na wizi anahesabiwa mara mbili, ndiyo maana jumla inapita 100. Hiyo 190% inasema kitu kimoja tu: kwa wastani kila mtu alitaja shida 1.9.

Wengi wetu, juu ya kuogopa juri, tunagawanya kwa 114 ili ifike 100. Hapo mozaiki inashuka mpaka 39%. Msomaji atafikiri haijafika nusu ya walimaji, kumbe ni watatu kwa kila wanne. Mwenye kupanga kugawa vipando visivyo na ugonjwa anaweza kuleta nusu ya vile vinavyohitajika. Ile 39% ni sehemu ya majibu, si ya watu.

Ukitoa data kwa Excel, kila shida inapata safu yake ya 1 na 0. Kama mozaiki iko safu B, andika:

```
=SUM(B2:B61)/COUNT(B2:B61)
```

`COUNT` inaacha nafasi tupu, yaani wale ambao hawakuulizwa. Lakini aliyejibu "hakuna shida" ana 0 kwenye shida zote, na anabaki kwenye hesabu.

Usijumlishe mistari pia. Mozaiki 75 na vipando 50 haviwezi kuwa watu 125%. Vinaonyesha kwamba angalau 25% walitaja vyote viwili. Ukitaka namba kamili, rudi kwenye zile safu, uhesabu walio na 1 pande zote mbili.

Basi, toa mstari wa "Jumla", tumia grafiki ya baa pahali pa duara, na chini ya tablo andika: "Majibu mengi yaliruhusiwa, asilimia ni ya watu 60, jumla inapita 100." Sentensi hiyo moja ingeniokoa mbele ya juri.