Ujumbe wa Bungoma, skrini ya Kitale: hesabu ya kuunganisha simu na kompyuta

Tuchukue duka la pembejeo mjini Kitale msimu wa kupanda mahindi. Wateja wananunua mbegu na mbolea, wengi wanalipa kwa namba ya tili, na kila malipo yanaleta ujumbe kwenye simu ya mwenye duka. Siku ya soko mwenye duka yuko Bungoma, na simu iko naye. Karani aliyebaki Kitale hawezi kutoa gunia kabla hajajua kama pesa zimeingia, kwa hivyo anapiga simu, anasubiri, anasomewa msimbo herufi kwa herufi.

Programu ya Phone Link, inayokuja na Windows 11, inaondoa simu hizo. Swali ni gharama yake, na kuanzia wingi gani wa ujumbe inalipa. Tuhesabu kwa ujumbe 300 kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi. Bei ninazotumia hapa ni za kukadiria, kwa hivyo weka zako mahali pake.

Kuunganisha kwenyewe hakutozwi chochote. Kwenye kompyuta unafungua Phone Link, unachagua Android na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, kisha msimbo wa QR unatokea. Kwenye simu unapakua Link to Windows kutoka Play Store, unapiga picha msimbo huo, na kuruhusu programu isome SMS, majina na arifa. Kwa duka letu kuna hatua moja zaidi: kwenye mipangilio ya Link to Windows, washa Sync over mobile data. Bila hiyo, simu ikitoka kwenye Wi-Fi ya duka, skrini ya Kitale inanyamaza. Kupiga na kupokea simu kupitia kompyuta ni jambo jingine, kwa sababu kunategemea Bluetooth, na Bluetooth haivuki hata barabara.

Sasa data. SMS moja hubeba baiti 140, sawa na herufi 160 za kawaida. Ujumbe wa malipo mara nyingi unazidi hapo, kwa hivyo tuhesabu kila mmoja kama SMS mbili. Ujumbe 300 unakuwa baiti 84,000, yaani KB 84. Ujumbe hausafiri peke yake: kuna usimbaji, vichwa vya mtandao na mazungumzo ya mara kwa mara kati ya simu na kompyuta. Tuzidishe mara 20 ili tusijidanganye, na bado tunapata MB 1.7 kwa siku, au MB 44 kwa mwezi. Simu ya Bungoma inalipia kutuma, na kompyuta ya Kitale inalipia kupokea. Kwa shilingi 100 kwa GB 1, pande zote mbili kwa pamoja zinakula kama shilingi 9 kwa mwezi.

Anayelalamika kwamba kuunganisha simu kumemaliza bando lake hajaliwa na ujumbe. Mara nyingi kompyuta yake inatumia hotspoti ya simu, na Windows, ikidhani iko kwenye mtandao usio na kipimo, inapakua masasisho. Masasisho ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, na yanaweza kuwa mamia ya MB au hata kupita GB 1. Hiyo ni shilingi 100 au zaidi, zaidi ya mara kumi ya gharama ya ujumbe wote wa mwezi. Kinga yake iko kwenye mipangilio ya Wi-Fi: fungua sifa za mtandao huo wa hotspoti, washa Metered connection, kisha fanya masasisho siku ukiwa kwenye mtandao wa bei nafuu. Picha nazo zina uzito. Picha 20 za MB 3 kwa siku zinafika GB 1.5 kwa mwezi, kwa hivyo kama shida yako ni malipo tu, zima sehemu ya picha.

Gharama kubwa kuliko data ya ujumbe ni umeme. Laptopu inayovuta wati 40 kwa saa 8 inatumia uniti 0.32 kwa siku, na uniti 8.3 kwa mwezi. Kwa shilingi 30 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 250.

Upande wa faida tupime muda. Tuseme karani anaokoa sekunde 10 kwa kila ujumbe, kwa sababu anausoma mbele yake na kunakili msimbo wa malipo wenye herufi na tarakimu 10 moja kwa moja hadi Excel, bila kuchanganya sifuri na O. Ujumbe 300 unaokoa dakika 50 kwa siku, kama saa 21.7 kwa mwezi. Karani anayelipwa shilingi 15,000 kwa saa 208 anagharimu shilingi 72 kwa saa, kwa hivyo muda huo una thamani ya kama shilingi 1,560. Ukigawanya, kila ujumbe wa siku unaleta shilingi 5.20 kwa mwezi.

Lakini muda huo unapatikana tu ikiwa ujumbe unafika papo hapo, na hapa ndipo mpango hukwama. Simu nyingi huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kutunza betri. Dalili yake ni rahisi kutambua: skrini ya Kitale inakaa kimya nusu saa, kisha ujumbe kumi unaingia kwa mkupuo, dakika ileile mwenye duka alipoifungua simu yake. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya Link to Windows na uiruhusu itumie betri bila kizuizi. Kwenye Android 15 unaweza pia kuona arifa inayosema maudhui nyeti yamefichwa. Hiyo si hitilafu. Mfumo unaficha misimbo ya siri ya mara moja ili programu nyingine zisiisome.

Ulinzi huo unakumbusha kwamba karani haoni malipo ya duka pekee. Anaona kila SMS inayoingia, zikiwemo za benki na za familia. Dawa yake ni simu ya duka yenye laini yake, isiyobeba mambo mengine. Na karani asiamini arifa inayochungulia pembeni mwa skrini. Afungue mazungumzo yenyewe: ujumbe halisi uko chini ya jina MPESA pamoja na ule uliotangulia, na wa tapeli mara nyingi huja kwa namba ya kawaida na kuanzisha mazungumzo mapya.

Mpaka wa mwisho ni wa kumbukumbu. Phone Link huonyesha ujumbe wa siku 30 zilizopita. Kwa duka letu huo ni ujumbe 7,800 unaoonekana, na ulio wa zamani zaidi unabaki kwenye simu tu. Kwa hivyo dirisha hilo ni la kuthibitisha malipo ya leo, na hesabu za mwezi zifungwe kwa taarifa rasmi ya tili.

Tujumlishe. Umeme shilingi 250 na data 9 ni 259. Gawanya kwa 5.20 upate ujumbe 50 kwa siku. Ukiacha Windows ipakue GB 1 kwa bando, kizingiti kinapanda hadi kama ujumbe 69. Duka lenye malipo 20 kwa siku halina sababu ya kuwasha kompyuta kwa kazi hii peke yake. Simu ya kawaida inatosha. Lakini kama laptopu tayari inawaka kutwa kwa ajili ya stoku na risiti, umeme wake umeshalipiwa na kazi hizo, na zinabaki zile shilingi 9, ambazo jumbe mbili kwa siku zinazirudisha.