Hindi la Jioni Huuzwa Upande wa Wanaoshuka

Kituo cha daladala kina pande mbili, na kwa mchoma mahindi hazilingani. Chukua Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Asubuhi watu wa Mbagala wanagombea magari ya kwenda mjini. Mkono mmoja umeshika nauli, mwingine umeshika mkoba. Hindi la moto watalishikaje? Jioni watu hao hao hushuka ng'ambo ya pili wakiwa na njaa, na safari iliyobaki ni ya miguu. Jiko liwekwe huko, hatua chache kutoka mlango wa daladala unapofungukia, kwenye njia inayoingia mitaani. Ukilibana mlangoni kabisa, makonda watakufukuza, na moshi ukiwaendea wanaosubiri gari watakuchukia. Angalia upepo kwanza.

Saa kumi washa mkaa. Mauzo hushika kasi kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi kama saa mbili usiku, kisha hupungua ghafla.

Mahindi hununuliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu hindi likishavunwa sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha. Yaache na maganda yake, kivulini. Unapochagua, minya punje kwa ukucha. Likitoka tui jeupe, chukua. Likitoka maji matupu, hindi ni changa mno, litasinyaa jikoni. Lisipotoka kitu, limekomaa na litamchosha mteja meno.

Usichome kwenye ndimi za moto. Ngoja mkaa uwe mwekundu na uanze kuvaa majivu, ndipo uweke hindi juu ya wavu na kuligeuza mara kwa mara. Moto mkali huunguza ngozi ya punje na kuacha ndani kubichi. Weka mawili matatu yaliyoiva pembeni mwa jiko, si zaidi, maana anayeshuka hangoji, lakini hindi lililokaa hukauka. Mwisho ni kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye chumvi na pilipili, kipakwe mbele ya mteja.

Wengi huumia kwenye idadi. Tuseme umenunua mahindi 100 kwa shilingi 300 kila moja, na mkaa, ndimu na chumvi vimekula 4,000. Umetumia 34,000. Ukiuza yote kwa 500, unabaki na 16,000. Yakidoda 20, unabaki na 6,000 tu. Yakidoda 32, hukupata kitu. Kwa hiyo anza na machache, uhesabu yanayobaki kila jioni kabla ya kuongeza mzigo. Mwisho wa mwezi, mifuko ikiwa mitupu, punguza. Lililokwisha chomwa likabaki ni hasara. Yaliyo bado kwenye maganda yachemshwe usiku huo huo, kwa kuwa kesho utamu wake hautatosha kwa kuchoma.