Thamani Unayomwandikia Wakala wa Bima

Wenye maduka wengi wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wameshaletewa barua pepe ya namna hii. Wakala wa bima anaanza kwa salamu, anauliza hali ya biashara, anakumbusha moto ulioteketeza soko la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021 na ule wa soko la Karume, Ilala, Januari 2022. Kisha anafika alipokuwa anaelekea: "Ndugu mteja, kwa Sh 50,000 tu kwa mwaka unaweza kukatia bima bidhaa za dukani kwako dhidi ya moto. Ukiongeza kidogo, na wizi unaingia. Nitumie jina la biashara, mahali duka lilipo na thamani ya mali, nikuandalie mkataba leo leo."

Barua kama hiyo haina uongo, na wakala anayeituma huenda ni mtu mwadilifu kabisa. Ila ndani yake mna maneno matatu yanayopitwa haraka, nayo ni "thamani ya mali". Namba utakayoiandika hapo ndiyo itakayoamua utalipwa nini duka likiungua. Wengi huandika namba yoyote inayowajia, au ile inayofanya ada iwe ndogo, wakiamini kwamba hasara ikitokea ndani ya kiasi hicho watalipwa yote. Bima ya mali haiendi hivyo.

Tumchukue mama mmoja mwenye duka la vitenge na khanga mtaa wa Kongo, Kariakoo. Ni mfano, lakini hesabu zake ni za kawaida. Alikopa benki Sh milioni 20 za kuongezea mtaji. Siku hizi benki nyingi ni mawakala wa bima pia, kwa hiyo ofisa wa mikopo alimtumia barua pepe ya bima, naye akajibu kwamba thamani ni milioni 20, kwa sababu ndiyo namba iliyokuwa kichwani mwake na kwenye karatasi za mkopo. Tuseme kiwango cha ada kilikuwa robo ya asilimia moja. Akalipa Sh 50,000 na kodi juu yake, akapewa hati, akaitia kwenye droo.

Miezi kadhaa baadaye hitilafu ya umeme inawasha moto duka la jirani. Zimamoto wanaudhibiti, lakini upande mmoja wa duka lake umeungua, na marobota mengine yamelowa maji na kunuka moshi. Maji ya kuzimia moto na moshi wake huhesabiwa kuwa hasara ya moto, hapo hana shida. Hasara yote inafika Sh milioni 15. Kwa kuwa bima yake ni ya milioni 20, anategemea milioni 15 zake.

Kampuni inamtuma mkadiriaji wa hasara. Huyu haangalii kilichoungua tu. Anatafuta pia jibu la swali jingine: siku ya moto, duka zima lilikuwa na mali ya kiasi gani? Anakuta ni milioni 50. Hapo ndipo kifungu cha wastani, kilichomo karibu katika kila mkataba wa bima ya moto, kinapofanya kazi. Ukikatia bima sehemu tu ya mali, kampuni inakuhesabu kuwa umekubali kujibebea sehemu iliyobaki. Mama huyu alikata bima ya milioni 20 kati ya 50, yaani sehemu mbili kati ya tano. Basi katika hasara ya milioni 15 atahesabiwa sehemu mbili kati ya tano, ambayo ni milioni 6. Kisha inatolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe katika kila dai. Tuseme kwake ni asilimia 10. Zinabaki Sh milioni 5.4.

Angeandika milioni 50, ada ingekuwa Sh 125,000 na angelipwa milioni 13.5. Alipunguza ada kwa Sh 75,000, akakosa Sh milioni 8.1. Na kwa kuwa benki imeandikwa kwenye mkataba kuwa mlipwaji wa kwanza, hata hizo milioni 5.4 zinaweza kwenda moja kwa moja kupunguza deni. Hii ndiyo sababu nasema bima iliyokatwa kwa kiasi cha mkopo ni bima ya benki zaidi kuliko ya duka. Mkopo ni sehemu tu ya mtaji. Mali iliyoko kwenye rafu ina fedha zako za miaka yote.

Basi thamani sahihi ni ipi? Ni gharama ya kununua tena mali hiyo na kuifikisha dukani, pamoja na usafiri. Bei ya kuuzia haihusiki, kwa sababu bima ya mali hairudishi faida ambayo hujaipata. Kitenge ulichonunua Sh 12,000 ukakiuza 16,000 kinahesabiwa 12,000. Kwa hiyo kuandika thamani kubwa kupita mali uliyonayo nako ni kulipa ada ya bure, maana kampuni haitakulipa zaidi ya ulichopoteza.

Kigumu ni kwamba mali ya duka haitulii. Mwezi wa kawaida una milioni 30, lakini ukikaribia Idi au Krismasi na mwaka mpya unaweza kuwa na milioni 50, na hasara huhesabiwa kwa hali ya siku ile ya tukio. Mwenye duka dogo ana njia mbili za kulikabili hili. Anaweza kukata bima ya kiwango cha juu kabisa ambacho mali yake hufikia kwa mwaka, au amwandikie wakala wiki chache kabla ya msimu aongezewe kiasi kwa hati ya nyongeza, kisha kipunguzwe msimu ukiisha. Ya kwanza ni ghali kidogo lakini haisahauliki, na kwa duka lisilo na mhasibu mimi ningeichagua hiyo.

Pengine unajiuliza mkadiriaji alijuaje kwamba mlikuwa na mali ya milioni 50, ilhali nyingine imeshakuwa majivu. Anapiga hesabu kwa karatasi. Mama alihesabu mali mwezi Januari, akapata milioni 31. Tangu hapo amenunua bidhaa za milioni 64. Ameuza za milioni 60, na robo ya mauzo yake ni faida, kwa hiyo bidhaa zilizotoka zilimgharimu milioni 45. Chukua 31, ongeza 64, toa 45, inabaki 50. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomlinda mwenye duka aliyekata bima kamili, kwa kuwa inathibitisha kwamba mali aliyoitaja ilikuwepo kweli.

Bila karatasi, hesabu hiyo haifanyiki. Daftari la manunuzi likiwa chini ya kaunta, litaungua pamoja na vitenge. Risiti za mashine ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia baada ya miezi, hasa ikikaa juani. Dawa yake ni rahisi: kila ankara na kila risiti ya manunuzi ipigwe picha siku ile ile na kutumwa kwenye barua pepe yako mwenyewe, na karatasi za kuhesabu mali zikae nyumbani.

Sasa tuje kwenye wizi, maana barua ya wakala huuweka pamoja na moto kana kwamba ni kitu kimoja. Neno "wizi" kwenye mkataba wa bima ni finyu kuliko mtaani. Mara nyingi linamaanisha wizi wa kuvunja: mtu ameingia au ametoka kwa nguvu, na nguvu hiyo imeacha alama inayoonekana, kama kufuli lililokatwa, nondo zilizopindwa au bati lililong'olewa. Mteja aliyeficha khanga mbili kwenye mkoba haingii hapo. Kijana wa dukani aliyefungua kwa funguo alizopewa haingii pia. Hatari hiyo ina bima yake, ya uaminifu wa wafanyakazi. Na ukihesabu mali mwisho wa mwezi ukakuta pungufu usilolijua lilikotoka, hilo si dai. Fedha za kwenye droo nazo kwa kawaida huhitaji bima yao.

Kuna pengo jingine linalowaumiza watu wa masokoni kuliko yote. Moto ukiwaka, watu hukimbilia kuokoa mali, na katika vurugu hiyo marobota mazima hutoweka mabegani mwa watu wasiojulikana. Mikataba mingi ya moto husema wazi kwamba hailipi kilichoibwa wakati wa moto au baada yake. Ukigeukia bima ya wizi, mara nyingi nayo huitenga hasara iliyotokana na moto, na hata isipoitenga, hakuna mlango uliovunjwa. Kwa hiyo mali ile ile iliyonusurika na moto ndiyo inayokosa mlipaji. Kama duka lako liko ndani ya soko lililobanana, hili ni swali la kuuliza kabla ya kulipa hata shilingi.

Kwa hiyo jibu la barua pepe ya wakala linaweza kuwa hivi:

"Habari kaka. Nimepata ujumbe wako, asante. Duka langu lina kuta za tofali na paa la bati, linauza vitenge na khanga, na jirani wa kulia anauza rangi na tina. Mali yangu kwa bei ya kununulia ni kama milioni 30 miezi ya kawaida, lakini Desemba hufika milioni 50, kwa hiyo nataka bima ya milioni 50. Nieleze kwa maandishi: sehemu ya hasara nitakayobeba mwenyewe ni kiasi gani kwa moto na kwa wizi? Mali ikiibwa wakati wa moto, nalipwa? Majambazi wakiingia mchana na silaha bila kuvunja mlango, nalipwa? Mkataba unanidai kufuli za aina gani, na mlinzi wa usiku ni lazima? Benki ikilipwa kwanza, kinachozidi deni kinakuja kwangu? Nitumie pia namba ya usajili wako TIRA na akaunti ya kampuni ya kulipia ada."

Habari ya jirani wa rangi si ya kujazia barua. Kampuni hupanga ada kwa kuangalia hatari, na ukificha jambo ulilolijua, inaweza kulikataa dai lako zima. TIRA ndiyo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na hati yoyote utakayopewa unaweza kuihakiki kwenye mfumo wake kabla hujaiamini. Ada ilipwe kwa kampuni, isiingie kwenye simu ya wakala, na usijihesabu kuwa una bima mpaka malipo yamepokelewa na hati imetoka.

Siku tukio likitokea, piga 114 kwa Zimamoto, fika polisi uchukue taarifa yao, na mwandikie wakala siku hiyo hiyo kwenye uzi ule ule wa barua pepe. Kilichoungua nusu usikitupe wala kukiuza kabla mkadiriaji hajakiona. Kampuni ikikataa kulipa kwa sababu usiyoikubali, iombe itaje kifungu kwa maandishi, kisha lipeleke jambo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na barua zote mlizoandikiana, tangu ile ya kwanza iliyouliza thamani ya mali.