Lita 2.3 za Wanaume Wawili: Mchoro wa Pumzi Unavyosomwa

Tuchukue mfano wa wanaume wawili wanaoishiwa pumzi kila wapandapo ngazi. Wote wana miaka 58, na kimo cha kila mmoja ni sentimita 168. Wakipimwa kwa spirometri, yaani kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine, kila mmoja anatoa lita 2.3, ilhali mwanamume wa umri na kimo chao anatazamiwa kutoa takriban lita 3.6. Kwa tarakimu hiyo peke yake ungesema wanaugua kitu kimoja. Kumbe wa kwanza, aliyevuta sigara miaka mingi, mapafu yake yamejaa hewa kupita kiasi. Wa pili, mwenye makovu mapafuni, yake yamesinyaa. Matibabu yao hayafanani hata kidogo, na tofauti yao inaonekana kwenye mchoro wa kitanzi unaochapwa pamoja na majibu.

Mchoro huo hupatikana hivi. Mgonjwa anabanwa pua kwa kibanio, anavuta pumzi mpaka mapafu yajae kabisa, kisha anapuliza kwa nguvu zake zote na kuendelea kupuliza mpaka hewa imwishie. Hapo anavuta tena kwa nguvu mpaka ajae. Mstari wa ulalo wa mchoro unaonyesha lita zilizokwisha kutoka. Mstari wa wima unaonyesha kasi ya hewa, yaani lita kwa sekunde. Kupuliza huchorwa juu, kuvuta huchorwa chini, na ncha zikikutana kitanzi kimekamilika.

Kwa mtu mwenye mapafu mazima, sehemu ya juu hupanda ghafla hadi kileleni mara tu anapoanza kupuliza, kisha hushuka karibu kama mstari ulionyooka hadi hewa iishe. Kilele kinategemea sana juhudi za mpulizaji. Mteremko unaofuata hautegemei juhudi kwa kiasi hicho. Mtu akijikamua zaidi, nguvu ileile inayosukuma hewa itoke huibana pia mirija midogo inayoipitisha, kwa hiyo kasi haiongezeki. Ndiyo maana mteremko ndio unaoeleza hali ya mirija, na mgonjwa hawezi kuurekebisha kwa kujitutumua.

Mirija hiyo midogo haibaki wazi yenyewe. Imeshikiliwa na nyuzi za mapafu zinazoivuta kutoka kila upande, kama kamba zinavyoshikilia hema. Kwa mvutaji sigara wetu kamba hizo zimelegea, na mirija yenyewe imevimba na kujaa makohozi. Anapopuliza, mirija hujifunga mapema. Kilele chake kinafika lita 3.5 tu kwa sekunde, kisha mstari unaporomoka na kubonyea kwa ndani. Anapokuwa ametoa nusu ya hewa yake, kasi imebaki lita 0.6 kwa sekunde. Kutoka hapo mstari unajikokota karibu na sakafu ya mchoro kwa sekunde nyingi. Huko kubonyea ndiko alama ya njia za hewa zilizoziba.

Kwa mwenye makovu kamba zimekaza kupita kiasi. Mapafu yake ni magumu na hayatanuki vizuri, kwa hiyo hewa inayoingia ni kidogo. Lakini ugumu huohuo unaiacha mirija wazi na kuisukuma hewa itoke upesi. Kilele chake kinafika lita 7 kwa sekunde, kisha mstari unateremka kwa ukali bila kubonyea. Kitanzi chake ni kirefu na chembamba: umbo ni la mtu mzima, ila upana umepungua. Hiyo ndiyo alama ya mapafu yaliyobanwa.

Tarakimu mbili kwenye karatasi huthibitisha kile ambacho jicho limeona. FVC ni hewa yote iliyotolewa. FEV1 ni ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Mvutaji sigara ametoa lita 1.1 katika sekunde hiyo, na 1.1 kugawanya kwa 2.3 ni 0.48. Mwenye makovu ametoa lita 2.0, na uwiano wake ni 0.87. Kliniki nyingi huhesabu kwamba njia zimeziba uwiano ukiwa chini ya 0.70. Kwa kuwa uwiano hushuka kadiri umri unavyosogea, wataalamu wengi hupendelea kulinganisha na kiwango cha chini cha watu wa umri wa mgonjwa. Kwa hawa wawili, njia zote mbili za kuhesabu zinatoa jibu moja.

Lakini kwa nini mvutaji sigara naye ana FVC ndogo, kama mapafu yake yamejaa hewa? Ni kwa sababu mirija imejifunga kabla hewa haijatoka, nayo imenaswa ndani. Apewe dawa ya salbutamol ya kuvuta, asubiri dakika 15, apulize tena. FEV1 inapanda kidogo tu hadi lita 1.2, ila FVC inafika lita 2.7. Zile mililita 400 zilikuwa ndani muda wote, zimekosa pa kupitia. FVC ndogo, basi, haitoshi kumwambia mtu kwamba mapafu yake yamebanwa. Kuthibitisha hilo kunahitaji kupima ujazo wote wa mapafu, pamoja na hewa isiyoweza kupulizwa, na kipimo hicho hufanyika katika hospitali chache. Kwa watu wa kimo chao ujazo huo unatazamiwa kuwa takriban lita 6.3. Mvutaji sigara ana 7.1, mwenye makovu ana 4.0.

Mtego mbaya zaidi ni kukatisha pumzi. Tuseme mvutaji sigara amechoka na kuacha kupuliza baada ya sekunde mbili, akiwa ametoa lita 1.5. Mashine itagawanya 1.1 kwa 1.5 na kupata 0.73. Uwiano sasa unaonekana mzuri, FVC ni ndogo, na karatasi inaweza kuandikwa kwamba mapafu yamebanwa, ilhali ugonjwa wake ni wa kuziba. Mchoro unaufichua udanganyifu huo. Badala ya kujikokota hadi sakafuni, mstari unakatika ghafla na kudondoka wima. Kikohozi nacho huacha mabonde na vilele vya ghafla, na aliyepuliza kwa uvivu ana kilele cha duara kinachochelewa. Majaribio ya namna hiyo hurudiwa mpaka yapatikane matatu yanayokubalika, na FVC mbili kubwa kuliko zote zisipishane kwa zaidi ya mililita 150.

Katika nchi zetu kuna jambo jingine la kuangalia: kifua kikuu kilichokwisha kupona. Kinaweza kuacha makovu yanayosinyaza pafu, kikaacha pia mirija iliyoharibika, kwa mtu huyohuyo. Kitanzi chake huwa chembamba na kimebonyea, uwiano uko chini na FVC pia iko chini, hivyo mchoro hauwezi kutenganisha hewa iliyonaswa na pafu lililosinyaa. Mgonjwa wa namna hiyo asipewe jina la ugonjwa mmoja kwa spirometri pekee. Anahitaji picha ya kifua na, inapowezekana, kupimwa ujazo wote. Ukipewa majibu yako, omba uonyeshwe mchoro, na uulize maswali mawili: mteremko umebonyea au umenyooka, na je, mstari ulifika mwisho wenyewe au ulikatika?